Bilioni ya Nani? Kusoma Wasifu wa Meneja wa Mradi wa Maji Kajiado

Kwenye wasifu wa meneja wa mradi, tarakimu inayong'aa kuliko zote huwa ni ya bajeti. Mwombaji anaandika kwamba alisimamia mradi wa shilingi bilioni 1.2, na mwajiri aliye Kitengela, anayetafuta mtu wa kumwendeshea mradi wa milioni 180, anaona amepata mtu aliyepita kiwango chake. Mara nyingi si kweli. Bilioni ile ni ya mradi. Swali la msomaji ni sehemu gani ya bilioni hiyo ilikuwa mabegani mwa huyu mtu, na kwa muda gani.

Nimetunga mfano ulio karibu na kazi zinazotangazwa Kajiado. Tangazo linasema hivi: meneja wa mradi wa maji, visima viwili upande wa Isinya na bomba la kusambaza maji hadi mitaa ya Kitengela, bajeti shilingi milioni 180, miezi 24. Anatakiwa mtu anayezijua mbinu za usimamizi wa miradi, aliyewahi kuongoza kazi ya ukubwa kama huo, aliyezoea kushughulika na wadau wengi, na mwenye matokeo ya kuonyesha. Wamebaki waombaji wawili mezani.

Wa kwanza ndiye mwenye bilioni 1.2. Ukiusoma wasifu wake hadi chini unakuta kwamba programu ile ilikuwa ya kaunti 8 na ya miaka minne, naye alikuwa Kajiado kwa miezi 16. Chukua kalamu. Bilioni 1.2 ukiigawa kwa kaunti 8 unapata milioni 150 kwa kaunti. Zigawe kwa miezi 48, unapata kama milioni 3.1 kwa mwezi. Kwa miezi 16 aliyokuwepo, kazi iliyopita mikononi mwake inakaribia milioni 50. Tangazo letu lina milioni 180 kwa miezi 24, yaani milioni 7.5 kila mwezi.

Wa pili ameandika mradi wa milioni 62 tu: kisima kimoja, tangi la lita 100,000 na kilomita 7 za bomba, kwa miezi 10. Hiyo ni milioni 6.2 kwa mwezi. Kwa jumla ni mdogo, ila kasi yake ya fedha ni mara mbili ya mwenzake, na iko karibu zaidi na ya kazi iliyotangazwa. Tena ameandika kwamba ndiye aliyekagua madai ya mkandarasi na kuyaidhinisha kabla ya kwenda kwa mhasibu. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko sifuri zote za yule wa kwanza, kwa sababu inasema uamuzi ulikuwa wake.

Hesabu hii ina mipaka yake. Kaunti 8 hazigawiwi fedha sawasawa, na huenda Kajiado ilipewa fungu kubwa. Kwa hiyo usimkate mwombaji kwa kugawanya tu. Unachopata ni swali la kumuuliza kwenye usaili: bajeti ya Kajiado peke yake ilikuwa kiasi gani, na wewe ulikuwa na idhini ya kutumia hadi shilingi ngapi bila kuomba ruhusa ya mkubwa wako? Aliyeshika usukani hujibu papo hapo. Aliyekuwa anakusanya ripoti atakueleza programu yote ilikuwa ya namna gani.

Kwenye mbinu, watu wengi huhesabu vyeti. Cheti cha PMP kwa miaka mingi kimetaka mwenye shahada awe ameongoza miradi kwa angalau miezi 36, pamoja na saa 35 za mafunzo, na huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo kinathibitisha kwamba mtu ana uzoefu, na ni vizuri kuutazama mwaka wake. Hakisemi uzoefu huo ulikuwa wa benki au wa mtaro wa bomba. Kwa PRINCE2, tafuta dalili kwamba mbinu yenyewe ilitumika. Katika mbinu hiyo meneja hupewa mipaka ya muda na gharama, na akiona ataivuka lazima apeleke suala kwa bodi ya mradi. Mtu aliyefanya kazi hivyo kweli atakuwa na jambo la kusimulia: mwezi wa sita niliona tutavuka mpaka wa gharama, nikaipelekea bodi njia mbili, ikachagua hii. Na ukikuta mtu ameandika kwamba alikuwa meneja wa mradi ndani ya timu ya Scrum, muulize alifanya nini hasa, maana timu ya Scrum haina cheo hicho.

Halafu rudi kwenye kazi yenyewe. Kisima hakichimbwi kwa mizunguko ya wiki mbili mbili. Kuna upimaji wa maji chini ya ardhi, kuna kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla mashine haijafika, kuna leseni ya mazingira ya NEMA, ndipo uchimbaji, kupima kisima kwa pampu, na kupeleka sampuli maabara. Kila hatua inaweza kuifunga inayofuata. Kajiado kuna jambo moja linalomtofautisha aliyewahi kuchimba huku na aliyesoma tu: floraidi. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za kaunti hii yana floraidi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kinaweza kutoa maji mengi na bado yasifae kunywewa. Yule mwombaji wa pili ameandika kwamba kipimo cha maabara kilizidi kiwango, kazi ya bomba ikasimamishwa wiki tano wakatafuta chanzo cha kuchanganya maji. Msomaji wa haraka anaona kuchelewa. Mimi naona mtu aliyejua ni wapi pa kusimama kabla fedha za bomba hazijazikwa ardhini.

Wadau ndio sehemu inayoandikwa kwa ulegevu zaidi. "Nilishirikisha wadau wa ngazi zote" ni maneno yanayoenea kwenye mradi wowote chini ya jua. Njia nzuri ya kuyasoma ni kuuliza ni nani angeweza kuusimamisha mradi ule, halafu uone kama wasifu unamtaja. Katika mradi wetu wapo wengi, na hawafanani. Kule visima vinakochimbwa, ardhi inaweza kuwa ya jamii, iliyokuwa ranchi ya kikundi na sasa iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Hapo idhini ya kweli hutoka kwenye mkutano wa wanajamii wenyewe, na sahihi ya chifu au ya mzee mmoja haitoshi. Lazima pia lijulikane mapema ng'ombe watanyweshwa wapi na kwa zamu gani, kwa sababu wakati wa kiangazi mifugo ya mbali itafika kisimani, tangazo lako liseme lisiseme.

Ukishuka Kitengela mambo yanageuka. Ardhi imekatwa viwanja, kila mtu na hati yake, kuna vyama vya wakazi wa mitaa, na bomba likitaka kuvuka barabara ya Namanga lazima mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, itoe ruhusa. Kuna pia wenye maboza. Familia nyingi za Kitengela hununua maji ya boza, na bomba jipya linagusa mfuko wa mtu. Meneja aliyewahi kufanya kazi katika mji kama huu ataeleza alivyozungumza nao, labda kwa kuwapa vituo vya kujazia maji wahudumie mitaa ambayo bomba halijafika. Aliyeandika "jamii" peke yake huenda hajawahi kuambiwa na mtu ana kwa ana kwamba mradi wake unamnyang'anya riziki.

Kwa hiyo kwenye mstari wa wadau natafuta vitu viwili: mdau aliyetajwa waziwazi, na kitu kilichobadilika katika mpango kwa sababu yake. Njia ya bomba ikahamishwa, birika la mifugo likaongezwa, tarehe ikasogezwa. Pasipobadilika chochote, mikutano ilikuwa ya kutoa taarifa.

Mwisho ni matokeo. Mwombaji wa kwanza ameandika kwamba visima 14 vilichimbwa "kwa wakati na ndani ya bajeti". Hapo kuna maswali mawili. Bajeti ipi, ya awali au iliyorekebishwa? Kwa miradi ya umma, sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu mkataba kubadilishwa, lakini jumla ya mabadiliko isizidi asilimia 25 ya bei ya mwanzo. Mtu anaweza kupanda kwa asilimia 24 na bado akaandika kwamba alibaki ndani ya bajeti, na asiwe amesema uongo. La pili: visima hivyo vilikuwa vinatoa maji mwaka mmoja baadaye? Kuchimba ni kazi iliyofanyika. Matokeo ni kaya ngapi zinapata maji, kwa bei gani, na nani analipia umeme au kukarabati pampu. Mwombaji wa pili ameandika kwamba alikaa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kikaisha, mkandarasi akarudi kuziba mivujo, ndipo mradi ukakabidhiwa kamati ya maji. Huyo ameona mwisho wa kazi yake.

Naomba uangalifu katika jambo moja. Mradi uliochelewa au uliokatika katikati si lazima uwe wa meneja mbovu. Miradi ya kaunti husimama fedha zinapochelewa kutoka hazina kuu, na mkandarasi asiyelipwa huondoa mashine zake. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya Kenya iliyofadhiliwa na USAID ikafungwa ghafla. Wasifu wenye kazi iliyoisha mapema 2025 usomwe kwa kujua hilo. Swali la haki kwa mtu huyo ni alichofanya katika wiki za mwisho: alilipa nani kwanza, alikabidhi nini kwa nani, na wananchi waliambiwa nini.

Baada ya yote hayo, kwa kazi hii ningemwita wa pili kwanza kwenye usaili. Wa kwanza pia ningemwita, nikiwa na lile swali la bajeti ya Kajiado mkononi, kwa sababu majibu yake yanaweza kugeuza mizani.

Kwenu mnaoajiri: ulinganisho huu umewezekana kwa kuwa tangazo letu la mfano lilitaja kiasi cha fedha, miezi na mahali. Matangazo mengi yanasema "mradi mkubwa" na "mazingira yenye wadau wengi", kisha yanawalaumu waombaji kwa kujibu kwa maneno mapana yaleyale. Andikeni bajeti, muda, idadi ya watu atakaowaongoza na kiwango cha fedha atakachoidhinisha. Nawe unayeomba, weka mambo hayo hayo manne chini ya kila mradi wako, ukitaja fungu lako tu.