Kioo Hiki Kina Kilo Ngapi?

Kioo hudanganya macho. Kabati tukiliona kubwa tunajua ni zito, na gunia la saruji kila mtu anajua lina kilo 50 kabla hajainama kulibeba. Lakini shiti ya kioo iliyoegemezwa ukutani ni nyembamba, unaona mpaka upande wa pili, na akili inaichukulia kama kitu chepesi. Ndiyo maana watu wawili huitwa kubeba kioo kilichotaka watu watano, na kosa linajulikana wakiwa wameshakiinua, mahali ambapo hakuna pa kukitua.

Bahati nzuri, kioo ni miongoni mwa vitu ambavyo uzito wake unaweza kuujua bila mzani na bila kukigusa. Kioo cha kawaida cha madirisha, kile kinachotengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, huhesabiwa kuwa na uzito wa kilo 2,500 kwa kila mita ya ujazo. Ni mara mbili na nusu ya uzito wa maji. Sasa fikiria kipande chenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa milimita moja tu. Milimita ni sehemu ya elfu ya mita, kwa hiyo kipande hicho kina sehemu ya elfu ya zile kilo 2,500, yaani kilo 2.5. Hiyo ndiyo namba ya kukaririwa. Hesabu yote inakuwa hivi:

```
uzito (kg) = upana (m) × kimo (m) × unene (mm) × 2.5
```

Upana na kimo viandikwe kwa mita, unene kwa milimita. Makosa mengi hutokea hapo, kwa sababu mafundi huandika vipimo vyote kwa milimita: 2400 kwa 2700 kwa 10. Gawanya namba mbili za kwanza kwa 1,000 kabla ya kuzidisha. Anayepima kwa futi apate eneo kwa futi za mraba, kisha aligawe kwa 10.76 ili lirudi kwenye mita za mraba.

Tuchukue duka la nguo linalotaka kioo cha mbele, upana mita 2.4, kimo mita 2.7, unene milimita 10. Eneo lake ni mita za mraba 6.48. Kila mita ya mraba ya kioo cha milimita 10 ina kilo 25, kwa hiyo kioo kizima kina kilo 162. Hayo ni magunia matatu ya saruji na zaidi, yamesimama wima, yana kingo kali, na hayana mahali pa kushika. Mwenye duka akikubali kugawa nafasi hiyo katika vioo viwili vya upana wa mita 1.2, kila kimoja kinabaki na kilo 81. Ni nafuu, ila bado si mzigo wa watu wawili.

Nasema hivyo kwa sababu taasisi ya Uingereza inayosimamia afya na usalama kazini huwapa waajiri mwongozo wa kilo 25 kwa mwanamume mmoja, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno. Taasisi hiyo hiyo inaeleza kwamba nguvu za watu hazijumlishwi moja kwa moja. Wawili wakibeba pamoja, hesabu theluthi mbili tu ya jumla ya uwezo wao. Wakiwa watatu, hesabu nusu. Kwa kipimo hicho wawili wanapata kama kilo 33, watatu kama 37. Aliyewahi kubeba kioo na mwenzake anaelewa sababu: mmoja akiteleza au akisita kidogo, uzito wote unamhamia mwingine papo hapo. Kwa hiyo kilo 81 ni kazi ya kitoroli na vishikio vya mpira vinavyonata kwa kunyonya hewa, pamoja na watu wa kuongoza, si watu wa kubeba.

Vishikio vyenyewe navyo vina mipaka. Kilo zilizoandikwa juu yake zinahusu kioo kikavu na kisafi. Vumbi la karakana au umande wa asubuhi hupunguza mshiko, na kioo kikiwa wima kishikio hubeba kidogo kuliko kikiwa kimelala. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa pwani wakipanda bara hawalitarajii. Kishikio hakivuti kioo. Ni hewa ya nje inayokikandamiza. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mkandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Kishikio kile kile, kikiwa kimenyonya hewa yote kinayoweza, kinashika kwa nguvu pungufu kiasi hicho.

Kabla hatujaingia karakanani, neno fupi kuhusu aina za vioo. Kioo cha tempa kina uzito ule ule wa kioo cha kawaida, kwa kuwa kimepashwa moto na kupozwa haraka bila kuongezwa kitu. Kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, hesabu kioo chake. Utando wa kawaida hauongezi hata nusu kilo kwa mita ya mraba. Dirisha la vioo viwili lenye nafasi ya hewa katikati, jumlisha unene wa vioo viwili na uache nafasi. Kinachovunja kanuni ni kioo chenye risasi cha vyumba vya eksirei, ambacho kinaweza kuwa kizito mara mbili ya kioo cha kawaida. Hapo usitumie 2.5, muulize muuzaji uzito wa mita ya ujazo. Na unene uliotajwa dukani haulingani kabisa na ule halisi: kioo kinachoitwa cha milimita 6 kinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa milimita 0.2. Kwa kazi ya kubeba, tofauti hiyo haina madhara.

Hatari kubwa kuliko zote haiko kwenye kioo kimoja, iko kwenye rundo. Shiti ya futi 8 kwa 6, ambayo ni mita 2.44 kwa 1.83, ikiwa ya milimita 6 ina kilo 67. Kumi zikiegemezwa pamoja ni kilo 670, na rundo lote halizidi unene wa sentimita 6. Fundi anatafuta shiti ya nyuma, labda ya rangi ya shaba. Anazivuta za mbele moja moja na kuziegemeza kifuani mwake, kama anayepekua kurasa za kitabu, huku mwenzake akichomoa ile ya nyuma. Shiti zikiwa zimesimama wima kabisa hazimlemei hata kidogo, kwa maana sakafu ndiyo inayobeba kila kitu. Anajisikia ana nguvu. Lakini mara tu zinapovuka mstari wa wima kumwelekea, sehemu ya ule uzito inaanza kuwa yake.

Sehemu hiyo inahesabika. Tuseme zile shiti kumi zimesimama kwa ule upande wa mita 1.83, na mikono yake imeshika kwenye mita 1.4 kutoka sakafuni. Zikimwinamia kwa digrii 5, anapaswa kusukuma kwa nguvu sawa na kubeba kilo 38. Anaweza. Zikifika digrii 10, inakuwa kilo 77, na hapo miguu inaanza kuteleza. Kwenye digrii 20 ni karibu kilo 160, na hakuna tena mtu wa kuzirudisha. Kutoka digrii 5 hadi 20 ni muda wa kupepesa macho. Anayeona mwenzake anaelemewa hukimbilia kusaidia kwa mbele, na hapo wanaangukiwa wawili.

Ndiyo sababu hesabu ifanyike kabla ya kuvuta shiti ya kwanza. Ukijua kila moja ina kilo 67, utajua kwamba hata tatu, ambazo ni kilo 201, zikiinama digrii 20 zitakudai karibu kilo 48, na utaziondoa moja moja kwenda raki nyingine badala ya kuziegemeza mwilini. Anayefanya kazi hii asimame pembeni, kwenye ncha ya rundo, asisimame mbele yake. Rundo likishaanza kuanguka, liachwe lianguke. Inauma kuona mali ikivunjika, lakini mbavu za mtu hazishindani na kilo 670.

Barabarani hesabu ni ile ile, imeongezewa magurudumu. Kioo husafirishwa kimesimama kwa ukingo wake, kimeegemea fremu ya umbo la herufi A, mwinamo ukiwa digrii 5 hivi, chini kukiwa na mpira au ubao wa kukalia ukingo. Kikilazwa chapa, kila tuta la barabarani linakikunja katikati. Jumlisha kilo za vioo vyote, ongeza kilo za fremu yenyewe na za watu watakaopanda, kisha linganisha na uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Shiti kumi za mfano wetu, fremu ya chuma ya kilo 120 na mafundi wawili, zinakaribia kilo 930. Pikapu ya tani moja inatosha, ila haina nafasi ya kuongezewa mifuko ya saruji njiani.

Vioo vipangwe pande zote mbili za fremu, uzito ukilingana, na vishushwe kwa zamu: kimoja kulia, kimoja kushoto. Upande mmoja ukiachwa mtupu huku mwingine ukiwa na kilo 335, gari linainama na fremu inavutwa upande huo.

Mahali pa kuegesha gari pia pana hesabu yake. Mwinamo wa digrii 5 ndio unaozuia vioo visirudi nyuma. Magurudumu ya pikapu yameachana kwa mita moja na nusu hivi. Gari likipanda upande mmoja juu ya ukingo wa barabara wenye kimo cha sentimita 13, limeshainama digrii hizo hizo 5: vioo vya upande wa juu vinazidi kulala kwenye fremu, lakini vya upande wa chini vinabaki wima kabisa, vimeshikwa na mikanda peke yake. Dereva anayeshuka na kulegeza mikanda ya upande huo anafungulia rundo lisiloegemea popote. Gari lisogezwe kwanza mahali tambarare, lizimwe, handibreki ivutwe, fundi atazame vioo kutoka nyuma ya gari kuona kama vimelala kwenye fremu pande zote mbili, ndipo mkanda wa kwanza uguswe, tena ule unaoshika kioo kinachoshushwa wakati huo tu.