Risasi Iliyojificha Kwenye Chumvi

Visima vingi vya pwani ya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi, kwani bahari hupenya chini kwa chini. Chumvi ulimi huijua. Risasi inayochuja kutoka kwenye koki na viungio vya bomba haina ladha, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 tu kwa lita.

Mwaka 1955 Alan Walsh, akiwa Australia, alieleza njia ya kuipata. Atomi za risasi zilizo huru katika mvuke hunyonya mwanga uleule unaotolewa na taa yenye risasi ndani yake. Mwanga ukipungua sana, risasi ni nyingi.

Mvuke huo unaweza kupatikana kwa mwali wa asetilini na hewa. Jibu huja kwa sekunde chache, ila sehemu kubwa ya maji yanayonyunyizwa huishia kwenye ndoo ya taka, na atomi hupita mbele ya mwanga kufumba na kufumbua. Mwali huanza kuona risasi kwenye mikrogramu 10 hivi au zaidi, yaani palepale penye kikomo. Cheti cha “haikuonekana” kilichotoka kwenye mwali hakimwambii mnywaji lolote. Kwa rangi ya ukutani au udongo mchafu, mwali unatosha.

Kwa maji ya kunywa hutumika tanuru ya grafiti: kijibomba kinachopokea tone la mikrolita 20. Tone hukaushwa, huunguzwa kwenye nyuzi 850 hivi, kisha hupandishwa ghafla hadi karibu 1,700, na atomi zote huzuiliwa humo kwa muda. Hapo hata mikrogramu 1 huonekana.

Hapo ndipo chumvi inapoleta matata. Haiondoki yote kabla ya risasi, na moshi wake nao huziba mwanga. Tuchukulie mikrogramu 10 za risasi husomeka 0.030. Maji ya kisima yanasomeka 0.135, sawa na mikrogramu 45, na mwenye kisima anaambiwa akifunge! Lakini mashine ikipima moshi peke yake inapata 0.117. Inayobaki ni 0.018: mikrogramu 6.

Moshi hupimwa kwa taa ya deuteri, ambayo mwanga wake mpana risasi haiugusi kwa kiasi cha kuonekana. Moshi ukiwa mzito mno, taa hiyo hupotea njia. Sumaku ya Zeeman, inayopima moshi kwenye mstari uleule wa risasi, huaminika zaidi.

Hata hivyo, kutoa moshi hakurudishi risasi iliyotoroka pamoja na chumvi. Fundi makini huongeza mikrogramu 10 kwenye maji yaleyale. Kipimo kikipanda kwa 0.021 badala ya 0.030, asilimia 30 imepotea, na zile 6 huenda ni karibu 9. Sampuli huzimuliwa, huongezewa paladi ya kuishikilia risasi, na kupimwa upya.