Homa Baada ya Chanjo ya Wiki ya Sita: Usomaji wa Kipimajoto na Mipaka Yake

Nchini Uganda, Rwanda na Burundi, kama ilivyo Kenya na Tanzania, dozi ya kwanza ya chanjo ya pentavalenti hutolewa mtoto anapofikisha wiki sita. Umri huo ndio unaozua utata unaojadiliwa hapa. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili ni dalili ya hatari. Hata hivyo, chanjo hiyo yenyewe, hasa kijenzi chake cha kifaduro kinachotokana na bakteria nzima waliouawa, huweza kupandisha joto hadi kiwango hicho.

Kinachosaidia kutofautisha hali hizi mbili ni muda, pamoja na hali ya mtoto. Homa ya chanjo hii kwa kawaida huanza katika saa 24 za kwanza, mara nyingi haifiki nyuzi 39, na hutulia ndani ya siku moja au mbili. Chukulia mtoto aliyechanjwa Jumatatu asubuhi. Jioni kipimajoto kinasoma 38.1, ananyonya vizuri na anaamka kama kawaida. Jumanne anasoma 37.7, na Jumatano 36.9. Mwenendo huo unalingana na chanjo. Lakini endapo Alhamisi atasoma 38.2, homa hiyo isihesabiwe kuwa ya chanjo hata kama ni ya chini. Itafutiwe chanzo kingine, ikiwa ni pamoja na kupima malaria.

Kwa kuwa mwongozo hauwaondoi watoto waliochanjwa katika tahadhari yake, mzazi wa mtoto wa umri huu asiachiwe uamuzi peke yake: usomaji wowote wa 37.5 au zaidi aujulishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Nyuzi 39, homa inayopita saa 48, kukataa kunyonya, ulegevu, degedege, kupumua kwa shida au utosi uliovimba humtaka ampeleke mtoto mara moja, bila kusubiri kipimo kingine. Paracetamoli isimezeshwe kwa kukisia. Kipimo chake hufuata uzito, na ikishusha joto haithibitishi kuwa chanzo kilikuwa chanjo.

Kanuni ya saa 48 haifai kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Virusi vyake vilivyodhoofishwa huhitaji muda wa kuzaliana, hivyo homa yake huja kati ya siku ya tano na ya kumi na mbili. Kwa hiyo, kadi ya kliniki ingefaa iandikwe, kando ya kila chanjo, siku ambazo homa yake hutarajiwa. Bila tarehe hizo, mhudumu anayesoma 38.3 hana msingi wa kuifasiri.