Timu ya Shule Yaomba Udhamini: Barua Inayofaa Kuletwa Dukani

Mtaa wa Kawempe, ulio kaskazini mwa jiji la Kampala kando ya barabara ya Bombo, unajulikana kwa soka ya wasichana. Timu ya Kawempe Muslim, inayotokana na shule ya sekondari ya hapo, imekuwa bingwa wa ligi ya taifa ya wanawake zaidi ya mara moja. Ndiko alikopitia Juliet Nalukenge, ambaye mwaka 2021 alikwenda Saiprasi kuchezea klabu ya Apollon. Mafanikio ya namna hiyo huwapa shule nyingine hamu ya kuunda timu. Lakini zikishaiunda hugundua kwamba mzigo mkubwa si mpira wala jezi, bali ni safari. Kutoka Kampala hadi Fort Portal ni mwendo wa kilomita 300 hivi, na karo ya mwanafunzi haikupangwa kulipia basi la safari hiyo. Hapo ndipo barua ya kuomba udhamini inapoandikwa.

Barua nyingi hushindwa kwa sababu husema tu kwamba timu ina shida na kwamba msaada wowote utapokelewa. Mwenye duka akiisoma hajui atoe kiasi gani, wala fedha zake zitafanya nini. Barua iliyo bora huonyesha hesabu. Na tuchukue mfano wa timu yenye wachezaji 18 na walimu 2, inayotarajia kusafiri mara 4 katika muhula. Tuseme basi dogo hukodishwa kwa shilingi 800,000 kwa safari. Jumla ni shilingi 3,200,000. Chakula cha watu 20, kwa shilingi 15,000 kila mmoja, kitagharimu shilingi 1,200,000 kwa safari zote. Jezi ni shilingi 800,000, mipira 400,000, na mkoba wa huduma ya kwanza pamoja na dawa zake 400,000. Yote ni shilingi 6,000,000. Hizo ni bei za mfano tu. Timu yenyewe yapasa kuambatanisha ankara za makadirio kutoka kwa wauzaji.

Hesabu ikiisha kugawanywa hivyo, kila mfanyabiashara huombwa sehemu inayolingana na uwezo wake. Mwenye kituo cha mafuta aweza kubeba safari moja. Mwoka mikate, au wachuuzi wa soko la Kalerwe, waweza kutoa chakula chenyewe badala ya fedha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huenda akapendelea jezi, kwa kuwa jina lake litaonekana kifuani.

Faida anayoahidiwa mdhamini iwe ile ambayo shule inaweza kuitimiza: jina katika jezi, bango uwanjani siku za mechi za nyumbani, na kutajwa mbele ya wazazi siku ya mkutano wao. Tena ahadi moja isiuzwe mara mbili. Wauza rangi wawili wakikutana kifuani mwa jezi moja, wote wawili wataondoka. Kampuni za kamari zisiandikiwe kabisa, kwa maana sheria ya Uganda inakataza kamari kwa aliye chini ya umri wa miaka 25. Kadhalika jina la pombe halistahili kuvaliwa na mtoto wa shule.

Jambo la kodi nalo lielezwe kwa uangalifu. Malipo ya tangazo ni gharama ya biashara, ilhali zawadi ni jambo lingine: sheria huruhusu kupunguza kodi kwa zawadi iliyotolewa kwa taasisi iliyosamehewa kodi tu, na kwa kiasi kisichozidi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi. Basi shule isiahidi nafuu hiyo kabla ya kujua hadhi yake yenyewe.

Barua hutiwa saini na mwalimu mkuu na kupigwa mhuri. Fedha ziingie katika akaunti ya shule, zisitumwe katika simu ya kocha, na mhasibu atoe stakabadhi siku ileile. Ikiwa anayeombwa anaelekezwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, ana haki ya kwenda shuleni kuuliza kwanza.

Mzazi aliye askari naye ana la kuangalia. Akipeleka barua akiwa amevaa sare, mwenye duka huenda akatoa kwa hofu, wala hatathubutu kukataa. Heri barua ipelekwe na mwalimu pamoja na nahodha wa timu, na mzazi huyo ahudhurie mechi kama wazazi wengine.

Muhula ukiisha, mdhamini hurudishiwa karatasi moja: kilichopokelewa, kilichotumika pamoja na nakala za stakabadhi, kilichobaki, na picha ya timu ikiwa imevaa jezi alizozilipia. Kama safari moja iliahirishwa, shilingi 800,000 zake zionekane wazi kuwa zingalipo. Timu inayoleta karatasi hiyo bila kudaiwa hupata njia ya kubisha hodi tena muhula ujao. Isiyoileta huwafungia mlango hata wadogo zao watakaoivaa jezi ileile baada yao.