Namba Mbili za Mama Mmoja

Tuseme mama mmoja anayetumia insulini amemmenyea mjukuu wake ndizi mbivu, akajifuta vidole kwenye kanga, kisha akachukua mashine ya sukari na kujichoma. Kioo kinaonyesha 14.6. Anashangaa, maana hana kiu na hajawa akienda msalani ovyo. Ananawa kwa sabuni, anajikausha, anachoma kidole kingine. Safari hii inasoma 7.3.

Mashine ni nzima. Kilichomdanganya ni ndizi. Mashine nyingi za siku hizi huhitaji damu kidogo mno, yapata nusu mikrolita, yaani mililita moja ingetosha kupima mara elfu mbili. Maji ya ndizi mbivu yana glukosi zaidi ya mara thelathini ya ile iliyomo kwenye damu ya mama huyu. Kwa hiyo unyevu wa ndizi usiofika hata sehemu moja ya thelathini ya tone lile, ambao jicho haliuoni, unatosha kuongeza namba maradufu. Asali, tende na zabibu hufanya vivyo hivyo. Na kama angejidunga insulini ya kushusha 14.6 wakati ana 7.3, sukari yake ingeweza kuporomoka chini ya 4, hali ambayo huleta jasho, kutetemeka na hata kuzimia.

Wengi hudhani pamba yenye spiriti inamaliza kazi. Spiriti huua vijidudu, lakini sukari ya tunda haiondoi ipasavyo, na ikiwa haijakauka huchanganyika na damu na kuharibu kipimo. Maji na sabuni ndiyo dawa, na mikono ikaushwe kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye ngozi huizimua damu na kuishusha namba. Maji ya uvuguvugu yana faida ya ziada: huivuta damu kwenye vidole. Ukiwa safarini na maji hakuna, na vidole havijashika kitu kitamu, futa tone la kwanza kwa pamba kavu upime la pili.

Sasa kuchoma. Chagua kidole cha kati, cha pete au cha mwisho, uchome ubavuni mwa ncha, si katikati ya nyama yake ambako mishipa ya fahamu imejaa na ambako utashikia sufuria kesho. Kalamu ya kuchomea huwa na namba za kina, mara nyingi 1 hadi 5. Anza na 2. Damu isipotoka ya kutosha, panda namba moja kipimo kinachofuata. Mtoto hutosheka na namba ya chini, fundi mwenye ngozi ngumu huenda akahitaji 4. Kisindano kiwe kipya kila mara, maana kilichotumika huwa butu na huumiza zaidi. Kalamu yenyewe haiazimwi hata kwa mume au mke, kwani homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa njia hiyo.

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona mara nyingi: kukichoma kidole kijuujuu kwa kuogopa maumivu, halafu kukikamua kwa nguvu. Ukikamua ncha ya kidole, pamoja na damu hutoka majimaji ya kwenye nyama, na kipimo hupotoka. Afadhali kuchoma ndani kidogo zaidi. Kabla ya kuchoma, ning'iniza mkono kwa muda, na baadaye usugue taratibu kutoka kiganjani kuelekea kidoleni mpaka tone la mviringo lisimame lenyewe.

Gusisha ukingo wa stripu kwenye tone hilo, nayo itanyonya damu yenyewe. Usiipake damu juu yake. Kijidirisha kikijaa nusu, mashine nyingi hutoa alama ya hitilafu. Soma kijitabu chake kabla ya kuongeza tone jingine, kwa sababu si stripu zote zinazokubali. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja, hasa kwa walio Mombasa, Tanga au Unguja, kwani unyevu wa hewa huziharibu hata kabla ya tarehe iliyoandikwa koponi.

Hata ukifanya yote hayo, usitarajie namba mbili zilingane kabisa. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinaruhusu mashine kupishana na maabara kwa asilimia 15 pale sukari inapofika 5.55 au zaidi. Kwa hiyo 7.3 na 7.9 zisikukoseshe usingizi. Upungufu mkubwa wa damu nao huifanya mashine isome juu kuliko ukweli, jambo la kumweleza daktari kabla hajabadilisha dozi.

Namba isipolingana na hali yako, nawa upime tena kwa stripu mpya. Lakini ukitokwa jasho na kutetemeka huku mashine ikisema uko sawa, kunywa kwanza kitu chenye sukari, ndipo unawe na kurudia kipimo.