Nembo Iliyokosa wa Kuiita

Mteja wetu mmoja wa Mwanza alimpigia simu karani wetu asubuhi, hasira tayari zimempanda. "Dada, ankara mnayosema mmetuma iko wapi? Nafungua kiambatisho naona nembo yenu. Nafungua cha pili naona picha ndogo ya simu. Mzigo wangu bado uko bandarini!" Ankara ilikuwapo, ila ilikuwa ya tatu. Kioo cha simu yake kilionyesha image001.png na alama ya +2 pembeni, na yeye alifungua alichokiona kwanza, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Wiki hiyohiyo karani akaniita nitazame jibu la mteja mwingine. Chini ya maneno ya mteja ilikuwapo barua yetu ya awali, na mahali pa nembo palikuwa na kisanduku kitupu chenye msalaba mwekundu. Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za ofisi hii, na mwanzoni nilidhani nina magonjwa mawili. Nilipoifungua barua hadi ndani nikaona ni ugonjwa mmoja unaojitokeza kwa sura mbili.

Barua pepe kwa asili yake ni maandishi matupu. Picha zilianza kusafiri nayo kwa utaratibu unaoeleweka mwaka 1992, ulipotoka mpango uitwao MIME. Mmoja wa waliouandika, Nathaniel Borenstein, aliujaribu tarehe 11 Machi mwaka huo kwa kutuma picha ya kikundi cha waimbaji wanne, naye akiwa mmoja wao. Picha ya namna hiyo, hata hivyo, ni mzigo unaofuatana na barua. Ili nembo ikae katikati ya maandishi, chini kidogo ya jina la mtumaji, ilibidi maandishi yapate njia ya kuuita mzigo huo kwa jina. Wito huo huandikwa hivi ndani ya barua:

```
<img src="cid:image001.png@01DB3C5A.7E2F1A40">
```

Na picha yenyewe hufungwa sehemu nyingine ya barua hiyohiyo, ikiwa imevaa jina lake:

```
Content-Type: image/png; name="image001.png"
Content-Disposition: inline; filename="image001.png"
Content-ID: <image001.png@01DB3C5A.7E2F1A40>
```

Tazama herufi na tarakimu baada ya `cid:` na zile zilizo kwenye `Content-ID`. Ni zilezile. Programu ya barua ikisoma wito, hutafuta picha yenye jina hilo, ikaiweka mahali pake na kuiondoa kwenye orodha ya viambatisho. Sasa tenganisha pande hizi mbili. Picha ikibaki bila wa kuiita, programu haijui iiweke wapi, kwa hiyo inaiorodhesha kama kiambatisho. Wito ukibaki bila picha, kinachoonekana ni kisanduku chenye msalaba. Nembo zetu zote mbili zilikuwa hapo, kila moja upande wake.

Kwa mteja wa Mwanza, barua yetu ilifika nzima. Lakini ofisi yake, kwa sababu za usalama, imeweka barua zote zisomwe kama maandishi ya kawaida. Wito huishi ndani ya HTML, ile lugha inayobeba rangi, jedwali na picha. HTML isiposomwa, wito hauonekani, na kila picha inamwagwa kwenye viambatisho. Saini yetu ilikuwa na picha mbili, nembo na ile ya simu, ndiyo maana ankara ikawa ya tatu.

Wa pili alijibu kwa simu. Programu nyingi zikijibu hunukuu maandishi ya barua ya kwanza na kuacha viambatisho, na hilo ni jambo la busara, kwani hakuna anayetaka kurudishiwa ankara aliyoituma mwenyewe. Lakini yake ilinukuu HTML yote, wito ukiwamo, ikaiacha picha pamoja na mizigo mingine. Nilimwonyesha karani nakala iliyo kwenye folda ya barua zilizotumwa: nembo ilikuwa pale, nzuri kabisa. Msalaba ukionekana kwenye sehemu iliyonukuliwa tu, saini yako haina kosa, na hakuna mpangilio wa ofisini kwako utakaouondoa.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Jitumie barua kwenye anwani ya Gmail, ifungue kwa kompyuta, bonyeza vitone vitatu kisha "Show original". Bonyeza Ctrl na F, utafute `cid:`. Ukiupata wito, nakili jina linaloufuata ulitafute tena. Likitokea mara ya pili kwenye mstari wa `Content-ID`, barua yako imetoka salama na tatizo liko njiani au kwa msomaji.

Usipoona `cid:` kabisa, angalia kilichoandikwa baada ya `src=`. Kama ni `https://`, nembo haimo ndani ya barua, inavutwa kutoka mtandaoni, na msomaji wa Outlook huizuia mpaka mwenyewe aruhusu. Kwenye kisanduku ataona maneno yanayomwambia abonyeze ili kupakua picha. Kama ni `file:///C:/Users/`, basi saini inaelekeza kwenye diski ya kompyuta yako. Wewe utaiona kila siku, mwingine hataiona kamwe. Hili hutokea kwenye Outlook ya zamani ya Windows iliyozimwa uwezo wa kufungasha picha pamoja na barua, na amri hii huurudisha, ukiifunga na kuifungua Outlook baadaye:

```
reg add "HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Options\Mail" /v "Send Pictures With Document" /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: nembo inaonekana kwenye barua mpya lakini kwenye jibu haipo kabisa. Outlook hujibu kwa mtindo wa barua iliyoipokea. Ukiandikiwa kwa maandishi ya kawaida, jibu lako nalo litakuwa hivyo, hata kama umechagua HTML kwa barua mpya. Unaweza kwenda "Format Text", ukachagua HTML, kisha ukaiweka saini upya. Lakini kama msomaji ni kama yule wa Mwanza, utakuwa unamwongezea viambatisho.

Mimi nilichagua njia nyingine, na ninaisimamia. Kwenye dirisha la saini la Outlook kuna nafasi mbili: "New messages" na "Replies/forwards". Ya kwanza nimeiachia nembo, moja tu, ile picha ya simu nimeifuta na kuandika neno "Simu". Ya pili nimeiwekea maandishi peke yake: jina, cheo, namba. Anayejibiwa ameshaiona nembo yetu, na kila jibu lenye nembo huongeza nakala nyingine kwenye mnyororo. Picha ya kilobaiti 30 ikifungwa kwa safari ya barua pepe hufika takriban 40, kwa sababu kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Kwenye mazungumzo ya majibu kumi unaweza kukuta nembo kumi zimepangana, kutoka image001 hadi image010, na ankara imejificha kati yake.

Ankara nazo tumeacha kuzituma ndani ya majibu. Karani anafungua barua mpya, anaandika namba ya ankara kwenye kichwa cha barua, na faili analiita kwa namba hiyohiyo. Barua ya kwanza ya mtindo huo ilikwenda Mwanza. Mteja alipiga simu tena, safari hii akiuliza kama malipo yanaweza kufanyika kwa awamu mbili.