Hotuba ya Kufungua Ofisi ya Tawi

Mkurugenzi wa Chama Kikuu anapofungua ofisi ya tawi mahali kama Masumbwe, hotuba yake huwa na sehemu tatu: kuwakaribisha wageni, kuwashukuru waliosaidia, na kutaja madhumuni ya ofisi. Makatibu yawapasa kuzisikiliza kwa makini hizo mbili za mwisho.

Katika shukrani, kila msaada utajwe kwa hali yake. Benki ikishukuriwa kwa fedha za jengo, ielezwe kama ni zawadi au mkopo. Maana mkopo ni deni la wanachama, na makofi hayalifuti. Tena washukuriwe wahusika wa leo: Masumbwe, iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga, tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita, Wilaya ya Mbogwe.

Katika madhumuni, kusema "tunasogeza huduma" hakutoshi. Mkulima wa pamba ataka kujua iwapo tawi lenyewe litaidhinisha malipo yake, au litapokea hati tu na kuzipeleka makao makuu. Nani atatia sahihi, na siku ngapi zitapita. Katibu ayaandike majibu hayo katika muhtasari wa kikao cha chama chake, yasomwe tena katika mkutano mkuu ujao. Pasipo maandishi, mwanachama atabaki na kumbukumbu ya ngoma.